Saa 24 za kwanza: kwa mama mjamzito mwenye homa ya ini aina B

*"Daktari, nina miaka 27, mimba ya pili, wiki ya 26, nakaa Likoni. Kliniki wamenipima wakaniambia nina hepataitisi B, na mimi sijihisi mgonjwa hata kidogo. Tangu mavyaa ajue, sahani na kikombe changu vimewekwa kando. Mume wangu ananiuliza nimeipata wapi. Muuguzi kaniambia nisijali, mtoto atachanjwa akifika wiki 6 kama watoto wote. Jirani naye asema nisimnyonyeshe. Je, ini langu linaoza? Mtoto atazaliwa nayo? Na huyu mkubwa wangu wa miaka 4?"*

Dadangu, katika yote uliyoandika, neno lililonishtua ni hilo la wiki 6. La sahani na la jirani tutalimaliza, hayo ni ya kuzungumza tu. Hili lina saa yake, na saa ikishapita hairudi.

Chanjo ambayo muuguzi aliitaja ni pentavalenti, sindano moja yenye kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo na ya mapafu, na homa ya ini aina B. Kenya iliianza 2001, na mtoto huchomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni chanjo nzuri na mwanao ataihitaji mara zote tatu. Lakini kwa mtoto wa mama mwenye kirusi hiki, kuanza wiki ya 6 ni kuchelewa. Mtoto hukutana na kirusi siku anayozaliwa, anapopita kwenye damu na majimaji ya mamake. Ukingoja wiki 6, kirusi kitakuwa kimeshafika kwenye ini na kuweka makao. Wala huwezi kuichukua pentavalenti ukaichoma siku ya kwanza, kwa sababu sehemu zake nyingine hazimfai mtoto aliye chini ya wiki 6.

Inayotakiwa siku hiyo ni chanjo ya homa ya ini aina B peke yake, kwenye kichupa chake mbali, nusu mililita, ikichomwa pajani ndani ya saa 24 tangu mtoto atoke tumboni. Usiichanganye na ile ya kifua kikuu anayochomwa mkononi, wala na matone ya polio anayotiwa mdomoni. Kinamama wengi huniambia, "Daktari, alichomwa alipozaliwa, kadi hii hapa." Nikiitazama kadi naona kifua kikuu na polio, basi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza tangu 2009 kwamba kila mtoto apate chanjo hii ndani ya saa 24, awe mamake ana kirusi au hana. Hata hivyo kichupa hicho hakiko katika kila chumba cha uzazi, na ndiyo sababu naanza nacho: ni jambo la kuulizia na kupanga wakati ungali na tumbo, si la kukumbuka uchungu ukishashika.

Nitakueleza mama mmoja niliyemhudumia. Nimebadilisha mambo madogo madogo asitambulike, lakini kiini cha kisa ni vile kilivyokuwa. Aliniletea mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka 3, mnene, mchangamfu, akaivuruga meza yangu yote kabla hatujamaliza salamu. Mama alikuwa amegunduliwa akiwa na mimba ya pili, kama wewe, akataka mkubwa naye apimwe. Kadi ya mtoto ilikuwa safi kabisa: pentavalenti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja kwa tarehe yake, hakukosa hata siku moja. Tukampima, jibu likarudi HBsAg positive, yaani kirusi kimo kwenye damu yake. Mama aliishika ile kadi akaniuliza, "Sasa hizi sindano zilikuwa za nini?"

Sindano hazikuwa na kasoro. Zilianza siku ya 42, na kirusi kilikuwa na mtoto tangu siku ya kwanza. Yule mama, tulipompima vizuri, damu yake ilikuwa imejaa virusi, mamilioni kwa kila mililita. Mtoto aliyezaliwa kwenye damu kama hiyo alihitaji chanjo siku ileile, na mamake alihitaji dawa kabla ya hapo. Yeye na mwanawe hawakupewa hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyempima wakati wa mimba ile.

Hapo ndipo penye jibu la mume wako pia. Kirusi hiki kina tabia ambayo watu wengi hawaijui: kitakaa au kitaondoka, inategemea zaidi umri ambao mtu alikipata. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mwili wake hupigana nacho, pengine akapata homa na macho ya manjano kwa wiki kadhaa, halafu kikaisha. Wanaobaki nacho maisha yote hawafiki 5 katika kila 100. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 5, hubaki nacho kama 30 katika 100. Mtoto mchanga aliyekipata wakati wa kuzaliwa, hubaki nacho kama 90 katika 100.

Sababu ni kwamba kinga ya mtoto mchanga bado inajifunza nani wa nyumbani na nani mgeni. Kirusi kinachoingia wakati huo huhesabiwa kuwa cha nyumbani. Tena chenyewe hutoa protini fulani nyingi sana kwenye damu, zinazosaidia kuizoesha kinga isikishtukie. Mtoto haugui, halii, hana homa. Anakua akicheza na kwenda chuoni na shuleni, naye amebeba mamilioni ya virusi ambavyo mwili wake haujawahi kuvigombeza.

Sasa hesabu miaka yako. Una 27, yaani ulizaliwa kabla ya Kenya kuanza pentavalenti. Hukuwahi kuchanjwa dhidi ya kirusi hiki utotoni. Mtu mzima wa umri wako anayekutwa na kirusi hiki bila dalili yoyote, mimi kwanza hufikiria kuzaliwa kwake na utoto wake, halafu ndiyo ndoa yake. Huenda ulikipata kwa mamako naye hakujua, au kwa wembe uliotumika kwa watoto watatu, au kwa kidonda cha mwenzako mlipokuwa mkicheza. Sitakudanganya: kipimo hakiandiki tarehe, na mtu mzima pia anaweza kukipata. Lakini mume akikuuliza umekipata wapi akiwa na maana ya nani, mwambie daktari amesema uwezekano mkubwa ni kwamba ulikuwa nacho kabla hamjajuana. Kisha mwambie naye akapimwe. Simwiti kwa kumtuhumu. Akiwa hana kirusi wala kinga, anahitaji chanjo: sindano 3, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu mwezi wa 6, na mtumie kondomu hadi akamilishe. Akishakuwa na kinga, unyumba wenu hauna hatari kwa upande huu.

Tukija kwa mavyaa, nadhani najua kosa lake limetoka wapi, na ni kosa la kusameheka. Homa za ini ni kadhaa na zote zinabeba jina moja. Aina A na aina E hupitia maji machafu na chakula kilichoguswa na mikono isiyonawa, na mji wetu wenye visima na vyoo vilivyokaribiana unazifahamu. Anayeogopa kikombe anaiogopa A akidhani ndiyo B. Aina B haipiti kwenye chakula, maji, sahani, kukumbatiana, kushikana mikono wala choo. Hata mbu haileti. Unaweza kupika pilau ya arusi nzima kwa mikono yako na asiambukizwe mtu. Hina unayopakwa na dada yako haina neno.

Inapita kwenye damu na kwenye majimaji ya uzazi. Tofauti na virusi vingine vingi, hiki ni kigumu: damu iliyokauka kwenye wembe bado inaweza kuambukiza hata baada ya siku 7, na tone lisiloonekana kwa macho linatosha. Kwa hiyo, badala ya sahani, vitu vyako vya kuweka mbali ni wembe, mswaki, kikata kucha na sindano ya kutogea masikio. Ukijikata jikoni, funga kidonda, na damu iliyodondoka ifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini kama Jiki. Ukienda kuumikwa au kufanyiwa hijama, kila kiwembe na kila kikombe kiwe kipya, kitolewe kwenye pakiti mbele ya macho yako, ama usikae kwenye kile kiti. Ninaona watu huku wakichanjwa chale kwa wembe mmoja familia nzima, nao wanaogopa glasi ya juisi.

Kuhusu ini lako. Halijaoza. Kirusi hiki chenyewe hakili ini. Kinaingia kwenye seli, kinajificha ndani kabisa ya kiini chake, na kuitumia seli kutengeneza nakala zake. Seli huendelea na kazi. Madhara huja kinga ya mwili inapozinduka, mara nyingi mtu akiwa na miaka ishirini au thelathini na kitu, ikaanza kuzishambulia seli zenye kirusi. Kila shambulio huua seli na kuacha kovu dogo. Ini ni kiungo chenye subira kubwa: huota upya na kufanya kazi hata likiwa limeharibika sana, na halina maumivu ya kukutahadharisha. Makovu yakiungana kila mahali, ini hukakamaa na kusinyaa, damu ikakosa pa kupita, tumbo likajaa maji na mishipa ya koo la chakula ikavimba hadi kupasuka. Jambo la pili ni saratani. Vipande vya kirusi hujipenyeza kwenye vinasaba vya seli za ini na kuvivuruga, ndiyo maana saratani ya ini kwa wenye aina B huweza kutokea hata kabla ini halijasinyaa, na kwa Waafrika si ajabu kumkuta nayo mtu wa miaka 40.

Katika walioambukizwa utotoni wakabaki nacho bila kufuatiliwa wala kutibiwa, takriban mmoja kati ya wanne atakufa mapema kwa mojawapo ya hayo mawili. Naliandika hili kwa uchungu, lakini lisome mpaka mwisho: watatu hawafi kwa hilo, na huyo wa nne mara nyingi angeokolewa na vipimo vya kila miezi 6 na kidonge kimoja kwa siku. Tenofovir huzuia kirusi kisijizidishe. Haikiondoi, kwa sababu ile nakala iliyojificha ndani ya kiini cha seli haiguswi na dawa tuliyo nayo leo, na ndiyo sababu wengi wanaoianza kwa ajili ya ini lao huendelea nayo miaka mingi. Anayekuuzia chupa ya mitishamba akiapa "inasafisha hepataitisi" anakuuzia kisichokuwepo, na nimeona maini yaliyoumizwa zaidi na hizo chupa kuliko yalivyoumizwa na kirusi.

Na jambo la jikoni ambalo lina maana kwako kuliko kikombe: sumukuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu hiyo. Mwaka 2004 iliua watu 125 Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo. Kidogo kidogo kwa miaka haikulazi kitandani, lakini mwenye kirusi cha aina B anayeila ana hatari ya saratani ya ini iliyo kubwa mara nyingi kuliko ya kirusi peke yake au ya sumu peke yake. Mahindi yenye ukungu, karanga zilizosinyaa au zenye rangi rangi, usizioshe ukazipika. Zitupe; moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Pombe nayo, ya dukani au mnazi, iache kabisa.

Narudi kwa mtoto, maana siku zako 14 za kufika wiki ya 28 zinaanza leo. Wiki hii, nenda na kijitabu chako cha mama na mtoto kwenye hospitali yenye daktari wa ini, daktari wa tumbo au wa uzazi anayeifahamu kazi hii. Hospitali kuu ya rufaa pale Makadara ni ng'ambo tu ya feri. Omba vipimo vinne. HBV DNA huhesabu wingi wa virusi kwenye damu. HBeAg huonyesha ile protini niliyoitaja, na kuonekana kwake kwa kawaida ni dalili ya virusi vingi. ALT na AST, pamoja na hesabu ya chembe sahani za damu, huonyesha kama ini linaumia au lina makovu. Na kipimo cha ukimwi, hata kama ulishapimwa mwanzo wa mimba, nitakueleza kwa nini.

HBV DNA ikifika 200,000 IU/ml au zaidi, au HBeAg ikiwa positive, unatakiwa uanze tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kila siku, kabla ya wiki ya 28 kupita, hadi utakapojifungua, angalau. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 imekwenda mbele zaidi: pale ambapo vipimo hivyo viwili havipatikani, mama yeyote mwenye HBsAg anaweza kupewa dawa hiyo. Kwa hiyo majibu yakichelewa kurudi kutoka maabara, usikubali wiki zipite ukingoja karatasi. Uliza kuhusu kuanza.

Kazi ya dawa ni kupunguza virusi kwenye damu kabla ya siku ya uzazi. Kwa mama mwenye virusi vingi sana, chanjo ya mtoto peke yake wakati mwingine huzidiwa. Bila kinga yoyote, tafiti nyingi za Asia zimeonyesha mama wa aina hiyo huambukiza watoto 70 hadi 90 katika kila 100 anaozaa. Mwenye virusi vichache huambukiza wachache zaidi. Chanjo ya saa 24 inawaokoa wengi wao, na dawa inakamilisha palipobaki.

Nakutahadharisha mapema, chupa utakayopewa inaweza kutoka kwenye dirisha lilelile wanapochukulia dawa watu wenye ukimwi. Tenofovir ni miongoni mwa dawa hizo. Yule mama wa kisa changu aliificha chupa kwenye gunia la mchele akiogopa wifi zake, siku mbili akaikosa kwa kuwa jikoni hapakuwa wazi. Tukambandua lebo, tukamwekea kwenye kichupa cha vitamini za mimba, akawa anameza kila usiku akisema ni ya damu. Na kwa kuwa dawa ni ileile, ndiyo sababu ya kupima ukimwi kwanza: kwa mwenye virusi vyote viwili, tenofovir peke yake haitoshi, na kumpa hiyo tu huweza kukifanya kirusi cha ukimwi kiwe sugu.

Unaweza kujiuliza, ikiwa mtoto ameshalowa damu ya mama, sindano inayochomwa baadaye itamsaidia vipi? Kirusi hiki huenda polepole. Tangu kinapoingia hadi ugonjwa kuonekana hupita mwezi 1 hadi 6. Chanjo ni ganda tu la nje la kirusi, limetengenezwa kwa hamira, halina kirusi ndani wala haliwezi kuambukiza. Mwili wa mtoto ukiliona mapema, huanza kutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo hukikamata kirusi kabla hakijaenea kwenye ini. Ni mbio, na kirusi ndicho kizito wa miguu, mradi chanjo ianze nacho pamoja. Kila saa inayopita inakipa kirusi nafasi. Siku ya pili ni afadhali kuliko ya tatu, na hata ukichelewa mtoto achomwe tu, lakini baada ya wiki nguvu ya sindano hiyo dhidi ya kirusi cha mama imepungua sana.

Tumeliona hili kwa nchi nzima. Taiwan walianza 1984 kuwachanja watoto wachanga, wakianza na wale wa mama wenye kirusi. Wakati huo karibu mtoto 1 katika kila 10 mjini Taipei alikuwa nacho. Miaka 15 baadaye hawakufika 1 katika 100, na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa nusu hivi. Ilikuwa chanjo ya kwanza kuonyesha kwamba sindano inaweza kuzuia saratani.

Ipo pia sindano ya kingamwili zilizokwishatengenezwa, huitwa HBIG, ambayo huchomwa paja la pili ndani ya saa 12. Inaongeza kinga, hasa kwa mtoto wa mama mwenye virusi vingi. Ni ghali na haipatikani kila mahali. Ukiweza kuipata, ipate. Ukishindwa, usijilaumu: tenofovir kwako na chanjo ya mapema kwa mtoto ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Yule mama alijifungua binti, usiku wa Ijumaa. Hospitali moja aliyokuwa amejiandikisha awali ilimwambia chanjo ipo, lakini friji imefungwa na mwenye ufunguo atarudi Jumatatu. Saa 60 hivi. Tulikuwa tumeshalitazamia hilo. Alikuwa amepata hospitali nyingine wiki tatu kabla, mumewe akakiona kichupa kwa macho yake, akaandika jina la muuguzi wa zamu ya usiku kwenye simu. Binti alichomwa saa 5 baada ya kuzaliwa. Fanya hivyohivyo. Uliza: chanjo ya homa ya ini B ya mtoto mchanga mnayo? Usiku na mwishoni mwa wiki hutolewa na nani? Ikiwa ni ya kununua, nunua mapema lakini ikae kwenye friji ya hospitali au ya duka la dawa, isigande, kwani ikiganda imekufa. Mwambie daktari aandike kwa kalamu nyekundu juu ya kijitabu: "Mama ana HBsAg, mtoto achanjwe mara akizaliwa." Na ukipanga kuzalia nyumbani kwa mkunga, badilisha mpango huo. Feri usiku na mtoto wa saa chache si safari ya kubahatisha. Upasuaji hauhitajiki kwa sababu hii pekee. Zaa kwa njia ya kawaida kama mimba yenyewe inaruhusu.

Kunyonyesha, nyonyesha. Maziwa hayamwambukizi mtoto aliyechanjwa, na tenofovir haimdhuru kwenye maziwa. Chuchu zikipasuka zikatoka damu, pumzisha titi hilo, kamua umwage mpaka lipone, umpe la pili. Jirani anakutakia mema, lakini mtoto asiyenyonya huku kwetu ana hatari za kuhara ambazo ni za kweli zaidi.

Mkubwa wako wa miaka 4, mlete apimwe HBsAg na kingamwili zake, anti-HBs. Sitaki uje na hofu ya kile kisa cha juu. Watoto wengi wa mama wenye virusi vichache huponyoka, na sindano zake za pentavalenti zimemlinda na waliomzunguka tangu hapo. Lakini sitakuahidi jibu kabla ya kipimo. Akiwa nacho, ataendelea kucheza na kusoma kama kawaida, akiwa na vipimo vya kila miezi 6 hadi mwaka. Yule mvulana aliyevuruga meza yangu yuko darasa la pili sasa, na ini lake halina tatizo.

Ukijifungua, usiiache dawa mwenyewe. Baada ya uzazi kinga ya mama hurudi kwa nguvu, na kirusi kinaweza kuwaka ghafla, hasa dawa ikikatwa. Daktari aamue siku ya kuacha, na ALT ipimwe mara kadhaa katika miezi 6 ya kwanza. Kisha kila miezi 6 maisha yako yote: ALT, wingi wa virusi inapowezekana, na ultrasaundi ya ini ikiwa kuna makovu au kuna aliyekufa kwa saratani ya ini kwenu. Waulize mamako na ndugu zako wa tumbo moja wapimwe wote.

Usingoje miadi ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, kutapika kusikoisha, tumbo kuvimba tofauti na mimba, choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa. Hizo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo, ukiwa na mimba au umeshajifungua.

Mtoto atakapotimiza miezi 9, mlete tena. Kabla ya hapo kipimo kinadanganya, kwa sababu ganda la chanjo au kingamwili za sindano huweza kuonekana kwenye damu yake. Tutatazama mistari miwili kwenye karatasi: HBsAg tunataka isome negative, na anti-HBs tunataka ifike 10 au zaidi. Ikiwa ya kwanza ni negative na ya pili ni ndogo, tutarudia chanjo. Kwa binti wa yule mama ilikuwa 340. Mama aliomba nimwandikie namba hiyo kwenye karatasi ndogo, akaikunja, akaitia ndani ya kadi.